Kiambishi cha yambwa: kiwakilishi, upatanisho au alama ya umahususi?

Ukiandika sarufi ya lugha ya Kibantu, au sura moja tu ya tasnifu kuhusu kitenzi chake, utafika mahali ambapo lazima useme kiambishi cha yambwa ni kitu gani. Tuseme una sentensi mbili, *Nimesoma kitabu* na *Nimekisoma kitabu*. Hiyo *-ki-* inafanya nini pale wakati kitabu chenyewe kimekwisha kutajwa? Msimamizi mmoja atakuambia ni kiwakilishi, wa pili atasema ni upatanisho kama ule wa kiima, na wa tatu atasema inaonyesha kwamba kitabu kinajulikana. Wote watatu wana lugha za kuwaunga mkono, na hapo ndipo wengi hukwama.

Nitatumia neno yambwa kwa kile ambacho vitabu vingine huita shamirisho. Mada ni kile ambacho sentensi inakizungumzia na ambacho wasemaji wanacho tayari akilini. Umahususi ni hali ya msemaji kuwa na kitu fulani hasa anachokitaja, si chochote cha aina hiyo. Kujulikana ni zaidi ya hapo, maana msikilizaji naye awe anakitambua. Ukiyachanganya haya matatu utapata matokeo yanayopingana bila kujua kwa nini.

## Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza ni mahali pa nomino. Kiambishi kinapokuwapo kwenye kitenzi, je, nomino bado imo ndani ya kirai kitenzi, au imesukumwa nje na kubaki kama nyongeza? Hili hupimwa kwa mpangilio wa maneno, kwa toni au urefu wa irabu mahali lugha inapovitumia kuonyesha mipaka ya virai, na kwa kutia kielezi kati ya kitenzi na nomino.

Kigezo cha pili ni nomino zisizoweza kuwa mada. Neno la kuuliza haliwezi kuwa mada, kwa sababu hukijui unachokiuliza. Vivyo hivyo *mtu yeyote* katika sentensi ya kukanusha, na nomino inayojibu swali la *nini* au *nani*. Kiambishi kikikubali kuandamana na nomino za namna hii, maelezo ya mada yamo matatani.

Cha tatu ni ulazima. Ukikiondoa kiambishi, sentensi inaharibika, inabadilika maana, au haiguswi? Na kama inaharibika, ni kwa nomino zipi: za ngeli fulani, za watu, za majina ya pekee?

Kuna na cha nne ambacho waandishi hukisahau, yaani aina ya data utakayohitaji. Si kila mwanafunzi ana rekodi za mazungumzo, na si kila uchambuzi unaweza kusimama bila hizo.

## Chaguo la kwanza: kiwakilishi

Kwa mtazamo huu kiambishi ndicho yambwa yenyewe. Nomino inayoonekana baada yake si yambwa tena. Ni mada iliyowekwa pembeni, na kiambishi kinairejelea kama vile kingerejelea kitu kilichotajwa sentensi iliyopita. Mfano unaotajwa kuliko yote ni Kichewa, kama kilivyochambuliwa na Joan Bresnan na Sam Mchombo mwaka 1987.

Mahali pa nomino ndipo palipoubeba uchambuzi huo. *Njuchi zinaluma alenje* maana yake nyuki waliwauma wawindaji, bila kiambishi cha yambwa. Katika sentensi hiyo yambwa lazima ikae mara baada ya kitenzi, kwa hiyo kati ya mipangilio sita inayowezekana ya kiima, kitenzi na yambwa, ni miwili tu inayokubalika: kiima mwanzoni, au kiima mwishoni. Tia kiambishi, *zinawaluma*, na mipangilio yote sita inafunguka. Nomino *alenje* imekuwa huru kwa sababu haijafungwa tena ndani ya kirai kitenzi. Toni inatoa ushahidi huohuo kwa njia nyingine: zipo toni za mwisho wa neno zinazobadilika kitenzi kinapofunga kirai, na penye kiambishi kitenzi hujitokeza kana kwamba kirai kimeishia hapo, ingawa nomino bado inafuata.

Kizulu kina ushahidi unaoonekana kwa macho. Katika wakati uliopo, kitenzi kinachofuatwa na kitu ndani ya kirai hakina *-ya-*, na kinachofunga kirai kinayo. *Ngibona uSipho*, namwona Sipho, haina *-ya-* wala kiambishi cha yambwa. Ukitia kiambishi unapata *Ngiyambona uSipho*, na *-ya-* imejitokeza. Kitenzi chenyewe kimekuambia kwamba Sipho yuko nje.

Kwa maswali na makanusho, lugha za kundi hili hukataa. Kichewa husema *Kodi mukufuna chiyani?* yaani mnataka nini, lakini *mukuchifuna chiyani* haikai vizuri. Hakuna cha kushangaza hapa. Ikiwa nomino iliyoandamana na kiambishi ni mada, neno la kuuliza halina nafasi. Kuhusu ulazima, kiambishi hakilazimishwi na aina ya nomino. Kinakuja nomino inapokuwa nje ya kirai au inapokuwa haikutajwa kabisa.

Chaguo hili linamfaa mwenye lugha iliyo na alama wazi za mpaka wa kirai. Asiye na toni wala jozi za vitenzi kama za Kizulu atalazimika kutegemea kituo cha pumzi na mpangilio wa maneno, na kituo cha pumzi ni shahidi dhaifu, kwani msemaji anayejibu polepole mbele ya kinasa sauti hutua kila mahali.

## Chaguo la pili: upatanisho

Hapa kiambishi ni kama kile cha kiima: nomino iko palepale pake, na kitenzi kinavaa alama ya ngeli yake. Nomino isipotajwa, tunasema upatanisho unafanyika na kiwakilishi kisichotamkwa.

Mfano safi ni Kimakhuwa cha kaskazini mwa Msumbiji. Mbali na nafsi ya kwanza na ya pili, lugha hii ina viambishi vya yambwa kwa ngeli ya 1 na ya 2 tu, na kwa ngeli hizo kiambishi ni lazima, nomino iwe inajulikana au haijulikani. Watu wengi wakisikia ngeli ya 1 hufikiri mara moja kwamba jambo ni uhai wa nomino. Lakini Kimakhuwa kina *nancoolo*, ndoana, ambayo imo katika ngeli ya 1 ingawa haina uhai wowote, na nayo hudai kiambishi: *kinimweha nancoolo*, naitazama ndoana. Uhai ungekuwa ndio sababu, ndoana isingedai chochote. Kinachoamua ni ngeli, na huo ndio upatanisho kwa maana yake kamili.

Mahali pa nomino, katika chaguo hili, ni ndani ya kirai. Neno la kuuliza na *mtu yeyote* vinaandamana na kiambishi bila tatizo, maana upatanisho haujali habari ni mpya au ya zamani. Ulazima ndio kigezo kinachobeba hoja: ukikiondoa kiambishi sentensi inaharibika, si kubadilika maana tu.

Data unayohitaji ni nyepesi kukusanya. Hukumu za wazawa kuhusu sentensi moja moja zinatosha kuanzia, mradi uwe na nomino za ngeli zote na ndani ya kila ngeli zenye uhai na zisizo nao. Wengi huteleza hapa. Wanapima kwa *mtoto*, *mwalimu* na jina la mtu, wanaona kiambishi kila mara, wanaandika kwamba lugha ina upatanisho wa yambwa. Hawakupima nomino za vitu.

## Chaguo la tatu: alama ya umahususi

Mtazamo wa tatu unasema nomino inaweza kubaki ndani ya kirai, lakini kiambishi kinakuja tu ikiwa nomino ina sifa fulani: inajulikana, ni mahususi, au iko juu kwenye ngazi ya uhai. Sarufi ya Kiswahili ya Ashton ya mwaka 1944 iliyaeleza mambo karibu hivi, na walimu wengi bado hufundisha hivyo: *nimesoma kitabu* ni kitabu chochote, *nimekisoma kitabu* ni kile tunachokijua.

Kisambaa kinaonyesha kwamba ngazi hiyo ni ya kweli. Kristina Riedel, katika tasnifu yake ya mwaka 2009, alionyesha kwamba majina ya pekee ya watu hudai kiambishi. Husemwa *nzamwona Stella*, nilimwona Stella. Ukikiondoa kiambishi sentensi haikubaliki. Nomino za kawaida zilizo chini kwenye ngazi zinaweza kuwa nacho au zisiwe nacho. Jina la mtu ni mahususi kuliko nomino yoyote, kwa hiyo linakaa juu kabisa.

Kwa mahali pa nomino, chaguo hili halidai nomino itoke nje. Kwa maswali linatoa jibu la katikati: neno la kuuliza linaweza kuandamana na kiambishi ikiwa ni la kuulizia mtu, na lisiweze ikiwa ni la kuulizia kitu. Ulazima wake ni wa ngazi, wenye nguvu juu na unaolegea kadiri unavyoshuka.

Gharama yake iko kwenye data. Huwezi kupima umahususi kwa sentensi iliyotolewa hewani. Lazima utengeneze muktadha: hapa msikilizaji anakijua kitu, hapa msemaji peke yake ndiye anayekijua, hapa hakuna anayekijua. Na usitumie *kile* au *hiki* kama njia ya mkato. Kionyeshi kinaleta kujulikana na pia mara nyingi kinaifanya nomino iwe mada, kwa hiyo hutajua ni kipi kilichokiita kiambishi.

## Kiswahili kikipitishwa kwenye vigezo vyote

Kiswahili ni mahali pazuri pa kujaribia kwa sababu msomaji anaweza kuhukumu mwenyewe. Chukua kitenzi *-soma* na kitu. Mtu anauliza, *Umesoma nini?* Jibu ni *Nimesoma kitabu*. Ukijibu *Nimekisoma kitabu*, unasikika kama unayejibu swali jingine, la mtu anayetaka kujua kitabu fulani kimefikia wapi. *Umekisoma nini?* haisemwi. Kielezi nacho kinasaidia: *Nilikisoma jana kile kitabu* inapita bila shida, lakini *Nilisoma jana kitabu* inakwaruza sikio. Kwa vitu, basi, Kiswahili kinafanana sana na Kichewa. Kiambishi kinaambatana na mada, na nomino inaelekea kulegea kutoka kwenye kitenzi.

Sasa badili *kitabu* kuwa *mwalimu*, na kitenzi kuwa *-ona*. *Umemwona nani?* ni Kiswahili cha kila siku. Jibu, *Nimemwona mwalimu*, lina kiambishi ingawa mwalimu ndiye habari mpya yenyewe. *Sikumwona mtu yeyote* haina dosari, na hapo hakuna mtu mahususi wala anayejulikana. *Nilimwona mwalimu jana* inasemwa kwa pumzi moja, nomino ikiwa imekaa palepale. Maelezo ya mada yameanguka, na ya kujulikana yameanguka nayo. *Nilimwona mtu mmoja amesimama mlangoni* inamtambulisha mtu ambaye msikilizaji hajawahi kumsikia.

Ungeweza kuhitimisha kwamba kwa watu ni upatanisho mtupu. Lakini jaribu *-tafuta*. *Natafuta mwalimu wa kunifundisha hesabu* ni sahihi, na mwalimu yeyote atafaa. *Namtafuta mwalimu* inamhusu mmoja. Kimakhuwa kisingeruhusu tofauti hiyo kwa ngeli ya 1. *Nimeua mbu* pia ni kawaida kabisa, ijapokuwa mbu ana uhai. Kwa hiyo hata kwa viumbe Kiswahili hakijafika kwenye upatanisho kamili. Umahususi bado una neno, na kadiri unavyoshuka kutoka kwa majina ya watu hadi wadudu, ndivyo ulazima unavyolegea.

Kisha kuna *-pa*, ambacho hakimo kwenye hesabu za wengi. Kitenzi hiki hakisimami bila kiambishi cha yambwa, na kiambishi kinamfuata mpokeaji daima. *Nilimpa mwalimu kitabu*, hatusemi *nilikipa mwalimu kitabu*, hata kama kitabu ndicho mada na mwalimu ndiye habari mpya. Mpokeaji akiwa si mtu, kiambishi bado kinamfuata: *Nilikipa chama fedha zangu*. Na asiyekuwapo kabisa naye hupewa kiambishi: *Hakumpa mtu yeyote*. Hapa hakuna mada wala umahususi wa kuzungumzia. Ni sharti la kitenzi chenyewe. Ukikusanya mifano yako kwa *-pa*, utaona upatanisho kila mahali, na utakuwa umepima kitenzi kimoja ukidhani umepima lugha.

Kwa maoni yangu, swali "Kiswahili kiko upande gani" limeulizwa vibaya. Kwa vitu kiko karibu na chaguo la kwanza, kwa watu kiko kati ya la tatu na la pili, na kwa *-pa* kiko la pili moja kwa moja. Talmy Givón alipendekeza mwaka 1976 kwamba upatanisho huzaliwa kutokana na viwakilishi vya mada. Wasemaji wanatumia mada mara nyingi mno mpaka nomino inaacha kuhesabiwa kuwa ya pembeni, na kiwakilishi kinabaki kuwa alama tu. Watu huwa mada mara nyingi kuliko vitu, kwa hiyo haishangazi kwamba kwao mabadiliko yametangulia. Ila usiitumie hoja hiyo kuthibitisha uchambuzi wa leo. Inaeleza kwa nini lugha inaweza kuwa katikati. Haisemi lugha yako iko wapi.

## Yanayoharibu ulinganisho

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi katika rasimu ni kukusanya data kwa kutafsiri kutoka Kiswahili. Mtafiti anauliza, "Unasemaje *nimemwona mwalimu* kwa lugha yako?" na mzawa, ambaye pia anajua Kiswahili vizuri, anarudisha kiambishi kwa sababu kimo kwenye swali. Dalili yake ni hii: orodha yako ya sentensi ina kiambishi kwa watu na haina kwa vitu, sawasawa na Kiswahili, lakini hadithi alizosimulia mzawa huyohuyo hazifuati mpangilio huo. Ukiona hivyo, iamini hadithi.

La pili ni kuchukua "inakubalika" kuwa kipimo kimoja. Mzawa akikubali sentensi yenye kiambishi na nomino pamoja, bado hujajua nomino iko ndani au nje. Muulize sentensi hiyohiyo kama jibu la swali. *Nimekisoma kitabu* itakubaliwa ikisomwa peke yake, na itakataliwa mara tu baada ya *Umesoma nini?*

Jambo la mwisho si kosa, ni mpaka wa ulinganisho wenyewe. Kuna lugha zinazoruhusu viambishi vya yambwa zaidi ya kimoja kwenye kitenzi, kama Kinyarwanda na Kisetswana, na kuna zisizo na kiambishi cha yambwa cha kawaida, kama Kilingala. Kwa kundi la kwanza, vigezo hivi vipimwe kwa kila kiambishi peke yake, maana si lazima vyote viwe na tabia moja.

## Uchague lipi

Kama lugha yako ina toni au umbo la kitenzi linaloonyesha mwisho wa kirai, na kiambishi kinakataa maneno ya kuuliza yote, ya watu na ya vitu, anza na kiwakilishi. Utapata uthibitisho mapema, na usipoupata utajua mapema vilevile.

Kama kiambishi ni lazima kwa ngeli fulani bila kujali maana ya nomino, tafuta nomino isiyo na uhai iliyomo kwenye ngeli hiyo, ndoana yako. Ikidai kiambishi, andika upatanisho bila woga. Ikikataa, ulichonacho ni uhai.

Kama majibu yanagawanyika, watu huku na vitu kule, na una muda wa kurekodi mazungumzo au walau kutengeneza miktadha, umahususi na ngazi ya uhai ndiyo njia itakayokupa maelezo yenye kina. Usijilazimishe kutoa jibu moja kwa lugha nzima. Sura yenye sehemu mbili, moja ya watu na moja ya vitu, ni bora kuliko kanuni moja yenye vighairi kumi.

Na kama huna muda, una mzawa mmoja na alasiri moja, usichague bado. Pima nomino nne: jina la mtu, *mwalimu*, mdudu na kitu. Kila moja ipime mara tatu, katika jibu la swali, katika kanusho la *yeyote*, na pamoja na kielezi kati yake na kitenzi. Acha vitenzi vyenye maana ya kupa hadi mwisho, na uviandike kwenye jedwali lao wenyewe.